Nani Aliisikiliza Ile Klipu?

*Mazungumzo ya mhariri wa habari na waandishi wa mikoani wa gazeti lake, siku walipokabidhiwa sera mpya ya matumizi ya akili mnemba. Yameandikwa kutoka kwenye rekodi na kupunguzwa kidogo.*

Wahariri wenzangu, ndugu waandishi mliotoka mikoani, wengine najua mmelala kwenye basi. Karibuni. Itifaki tuichukulie kuwa imezingatiwa, maana nimepewa saa moja na chai inaingia saa nne kamili.

Karatasi mliyonayo mkononi ina kurasa mbili. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa kumi na moja, na niliyeiandika ni mimi. Niliposoma upya nikaona hakuna mwandishi atakayeifungua akiwa kwenye bodaboda anawahi mkutano wa mkuu wa wilaya. Tukakata. Humu tumeandika "akili mnemba". Wengine wanasema akili unde, na nyinyi naona mnasema "ChatGPT" hata mkiwa mnatumia kitu kingine, kama bibi yangu alivyoita kila sabuni ya unga Omo. Neno mtakalotumia halinisumbui.

Badala ya kuwasomea sera, nitawaeleza ilikotoka. Ilitokana na moto.

Kuna mji mmoja mdogo, siutaji, soko lake liliungua usiku. Mwandishi wetu alifika asubuhi, akafanya kazi nzuri kabisa. Alirekodi watu watatu kwa simu yake: mwenyekiti wa soko dakika 9, mama mmoja muuza mchele dakika 14, na ofisa wa zimamoto dakika 6. Jumla dakika 29. Kisha akapanda gari kurudi, bando linaisha, chaji inaisha, na ukurasa unafungwa saa kumi na mbili jioni. Akaziingiza zile klipu kwenye programu ya kunakili sauti, ikampa maandishi ya Kiswahili. Si mabaya. Akayaingiza yale maandishi kwenye programu nyingine, akaomba ufupisho kwa Kiingereza, kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye, "kwa Kiingereza inatulia zaidi, bosi". Halafu akaiambia irudishe Kiswahili, maneno mia nne, mtindo wa gazeti.

Rasimu ilinifikia saa kumi na moja na nusu. Ilikuwa safi. Sentensi fupi, koma mahali pake, hakuna "kwamba" tatu mfululizo. Nilifurahi, wallahi. Niliipa dakika nne, nikabadilisha kichwa cha habari, nikaipitisha.

Siku ya tatu mapokezi wakanipigia kwamba kuna mzee anataka kuniona. Alikuwa amebeba kaunta buku lenye jalada jekundu, limefungwa kwa mpira. Alikuwa mlinzi wa soko lile. Hakukaa. Akafungua ukurasa, akaweka kidole. Pale palikuwa na saini yake na saini ya mwenzake, makabidhiano ya zamu, saa sita usiku, marungu mawili na tochi moja, "soko salama". Akaniuliza: "Mwanangu, gazeti lako linasema moto ulianza saa tatu usiku na mlinzi hakuwepo. Saa tatu mlinzi nilikuwa mimi. Nilikuwepo. Moto umeanza saa tisa, mimi niko kwangu nimelala. Sasa watu wanapita mlangoni kwangu wananiangalia."

Nilimwita mwandishi, tukafungua klipu. Mwenyekiti, dakika ya 2, anasema vizuri kabisa: "Ilikuwa kama saa tisa usiku hivi." Maandishi ya Kiswahili nayo yalisema saa tisa usiku. Tatizo liliingia kule kwenye Kiingereza. Mashine iliona tisa, ikaona usiku, ikaandika saa tisa ya usiku ya Kizungu. Iliporudi Kiswahili ikatafsiri kwa usahihi mkubwa: saa tatu usiku. Angalieni ilivyokuwa. Ilikosea safari ya kwenda, ikapatia safari ya kurudi, na ndiyo maana hata jicho la mtu mzoefu halikushtuka. Saa tatu usiku ni wakati wa kawaida kabisa kwa jambo kutokea. Kosa la tofauti ya saa sita limevaa nguo safi.

Tukaendelea kusikiliza, maana sasa nilikuwa nimeanza kutoka jasho. Ofisa wa zimamoto alikuwa amesema: "Vibanda kama thelathini hivi, bado tunahesabu." Sisi tuliandika vibanda 30, basi. Mwenyekiti alisema polisi "wamemchukua kijana mmoja kwa mahojiano". Sisi tuliandika kijana mmoja "amekamatwa akituhumiwa kuchoma soko". Kuna umbali gani kati ya kuhojiwa na kutuhumiwa? Kwa mwanasheria wa gazeti umbali huo una bei.

Kisha nukuu. Habari yetu ilifungwa na maneno ya yule mama: "Tumepoteza mali zetu, lakini hatujapoteza matumaini." Nilikuwa nimeipenda nukuu ile. Tulisikiliza dakika zote 14, mara mbili. Hakusema. Alichosema ni hiki, nimekinakili kwa mkono: "Nilikuwa na gunia nne za mchele na mizani mbili. Mchele umekuwa mkaa. Mizani imebaki chuma, hata haisomi." Hebu niambieni, katika hizo mbili, ipi ni sauti ya mtu aliyeunguliwa na ipi ni kadi ya pole?

Mwandishi hakutunga nukuu ile. Aliapa, na mimi namwamini, kwamba alidhani imetoka kwenye klipu. Februari 2025 BBC walitoa matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa programu nne kubwa za aina hii, wakiziuliza maswali ya habari na kuzipa ruhusa ya kusoma habari zao. Katika nukuu zilizodaiwa kutoka kwenye habari za BBC, asilimia 13 ama zilibadilishwa ama hazikuwemo kabisa. Hapo chanzo kilikuwa maandishi safi ya Kiingereza. Chetu kilikuwa sauti ya sokoni, upepo unavuma, na mtu anauza maji kwa nyuma.

Sasa nitaje makosa yangu, maana haya mazungumzo si ya kumsimanga kijana. Sikujua kama rasimu imepitia kwenye mashine. Sikuuliza. Na nilipitisha haraka kwa sababu ilikuwa safi. Sisi wahariri tumezoea miaka yote kwamba rasimu chafu ndiyo ya kutiliwa shaka: mtu akikosea tahajia unajiuliza huenda kakosea na hesabu. Rasimu hizi mpya zimetunyang'anya alama hiyo. Mwandishi mchovu anaonekana kwenye sentensi zake, ila mashine iliyokosa jibu haionekani popote.

Ndiyo maana kipengele cha kwanza cha sera hakimhusu msomaji. Kinasema mwandishi amwambie mhariri. Juu ya kila rasimu, kabla ya kichwa cha habari, kuna mistari minne ya kujaza: umetumia programu gani, umeitumia kufanya nini, rekodi au nyaraka zako ziko wapi, na vitu gani hujaweza kuvithibitisha. Kama hukutumia chochote, andika "hapana" na utume. Rasimu isiyo na mistari hiyo mhariri wa zamu hatakiwi kuifungua.

Kuna aliyeniuliza jana usiku kwenye simu, kwa nini tusipige marufuku tu tupumzike. Novemba 2025 gazeti la Dawn la Pakistani lilichapisha habari ya biashara, ya mauzo ya magari, na mwishoni mwa habari, kwenye karatasi, ikabaki ile sentensi ambayo programu humwambia mtumiaji wake: ukipenda naweza kukutengenezea toleo la kuvutia zaidi la ukurasa wa mbele. Dawn wakaomba radhi, wakaeleza kwamba sera yao ilikuwa hairuhusu jambo lile. Sera walikuwa nayo tayari. Lakini habari ilipita kwa mwandishi, ikapita kwa mhariri, ikapita kwa anayepanga kurasa, ikachapwa. Marufuku haifuti matumizi, inayafanya yawe ya siri, na matumizi ya siri mhariri hana pa kuyashikia. Mimi nataka uniambie. Sitakutukana ukiniambia. Nitakuuliza klipu iko wapi.

Hapo tumefika kwenye uhakiki, na hapa nitakaa kidogo.

Shirika la Associated Press walipotoa mwongozo wao, Agosti 2023, waliweka jambo moja ambalo nimelikopa: kinachotoka kwenye mashine hizi kichukuliwe kama taarifa ya chanzo ambacho hakijahakikiwa. Yaani ni kama umepigiwa simu na mtu usiyemjua, ana sauti nzuri, anazungumza kwa kujiamini. Ungechapisha? Ungemwuliza amejuaje. Sasa huyu ukimwuliza amejuaje, anakutungia na sababu. Kwa hiyo katazo letu la kwanza kwenye uhakiki: usihakiki mashine kwa mashine. Usiiulize "je, hii ni sahihi?" Itakubali, na ukiibishia itaomba radhi na kubadilisha hata kilichokuwa sahihi. Uhakiki unarudi kwenye chanzo: klipu, barua, hukumu, mtu mwenyewe.

Nilifanya zoezi na ile ile habari ya soko. Niliichapa, nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini ya kila kitu kinachoweza kuwa kweli au uongo. Katika maneno mia nne nilipata vitu 23. Pembeni ya kila kimoja nikaandika kinapotoka: "mwenyekiti, dakika 2", "zimamoto, dakika 4". Nukuu nilizisikiliza kwa sikio, sikusoma maandishi ya programu. Ilinichukua dakika 25. Vitu 17 vilikuwa sawa. Vinne ndivyo nilivyowaeleza. Viwili sikuvipata popote: kimoja kilisema soko lile "ni tegemeo la maelfu ya wakazi", kingine kwamba moto kama ule "si wa kwanza kutokea". Hakuna aliyesema. Inawezekana ni kweli. Vinatoka, kwa sababu sina mtu wa kumsimamisha nyuma yake.

Kwa sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili kuna sehemu ambazo mashine hizi huteleza mara nyingi, na mkizijua mtaanzia hapo. Saa, mmeona. Kila saa iliyopita kwenye Kiingereza, ikaguliwe kwenye klipu, hata kama inaonekana ya kawaida, na hasa ikiwa inaonekana ya kawaida. Jinsia: sisi tunasema "daktari alimwambia mgonjwa" na hakuna anayejua nani mwanamume. Ikienda Kiingereza inalazimika kuchagua, na ikirudi utakuta "mke wake" mahali ambapo shahidi alisema "mwenza wake". Undugu: ndugu, kaka, binamu, baba mdogo, mjomba, yote yanaweza kwenda yakarudi na sura nyingine, na kwenye habari ya mirathi au mauaji huo ni msiba wa pili. Na maneno ya polisi na mahakama. Anahojiwa, anashikiliwa, anatuhumiwa, ameshtakiwa, amepatikana na hatia. Hiyo ni ngazi, na kila kidato kina maana kisheria. Mashine inaipanda kidato bila kukuaga, kwa sababu sentensi ya juu inasomeka vizuri zaidi.

Na maneno ya tahadhari: "kama", "hivi", "inasemekana", "bado tunahesabu". Ufupisho huyala kwanza. Ukiona rasimu ina namba kavu, jiulize aliyesema alikuwa na hakika kiasi hicho?

Lakini kalamu nyekundu ina kikomo chake, na hili niligundua nimechelewa. Inakagua kilichoandikwa. Haioni kilichoachwa. Katika zile dakika 9 za mwenyekiti, dakika ya 7, alisema gari la zimamoto lilifika mapema, lakini bomba la maji la soko lilikuwa halitoi maji, na walikuwa wameandika barua kuhusu bomba hilo kwa halmashauri mara mbili. Ndugu zangu, habari ilikuwa hiyo! Ukurasa wa kwanza. Mashine ilikuwa imeitupa. Alilizungumza mara moja tu, kwa sauti ya chini, katikati ya maneno ya shukrani kwa viongozi, na ufupisho unapenda yaliyorudiwarudiwa. Mwandishi mwenyewe alikuwa amelisikia pale sokoni. Alipoisoma rasimu ikiwa imekamilika na kichwa na miguu, akalisahau.

Kwa hiyo tumeweka sharti dogo ambalo wengine mtaliona la kitoto: kabla hujafungua programu yoyote, andika kwa mkono mistari mitatu. Nini kimetokea. Nani kasema. Kipi kipya ambacho jana hakikujulikana. Piga picha mistari hiyo uitume pamoja na rasimu. Mhariri ataisoma kwanza mistari yako, kisha rasimu, na kama kitu kimepotea njiani ataona.

La siri za vyanzo nalipita haraka kwa sababu halina mjadala. Rekodi ya mtu uliyemwahidi kutomtaja haiingii kwenye programu ya bure ya mtandaoni, wala jina lake, wala namba yake. Ukishaipakia hujui inakaa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, uliahidi.

Sasa msomaji. Tumwambie nini, na wapi?

Yako magazeti yanayoweka sentensi moja chini kabisa ya habari: imeandaliwa kwa msaada wa akili mnemba. Sentensi hiyo haimwambii mtu chochote. Msaada gani? Wa kusahihisha tahajia au wa kutunga mashahidi? Mfano ambao nauona ni somo zuri kuliko mingine ni wa CNET, mtandao wa Marekani. Kuanzia Novemba 2022 walichapisha makala 77 za masuala ya fedha zilizoandikwa na mashine, chini ya jina la "timu" ya dawati la fedha. Maelezo yalikuwepo, lakini ilibidi ubonyeze jina la mwandishi ndipo yatokee, na yalisema makala imetengenezwa kwa teknolojia na kuhaririwa na kuhakikiwa kikamilifu na mhariri. Januari 2023 mambo yalipofichuka wakapitia upya makala zote. Makala 41 kati ya 77 zikahitaji kusahihishwa. Moja iliwaambia watu kwamba ukiweka dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3, mwisho wa mwaka utakuwa umepata faida ya dola 10,300. Faida! Mtoto wa darasa la sita angesema ni dola 300.

Kosa la mashine pale mimi halinishangazi. Linaloniuma ni ile lebo, kwa sababu nusu yake haikumhusu mashine, ilimhusu mhariri: "imehakikiwa kikamilifu". Huo ndio uongo mkubwa uliokuwa kwenye ukurasa. Kwa hiyo sera yetu inasema, tukimwandikia msomaji kwamba mtu fulani amehakiki, mtu huyo awe na jina, na karatasi yenye kalamu nyekundu iwe kwenye faili.

Sentensi zetu zitakuwa za namna hii: "Habari hii imetafsiriwa kutoka Kiingereza kwa programu ya akili mnemba. Tafsiri imelinganishwa na habari ya awali na fulani." Au: "Takwimu za habari hii zimechambuliwa kwa programu ya akili mnemba kutoka ripoti ya halmashauri. Hesabu zimerudiwa na fulani." Ieleze kazi iliyofanywa, na imtaje aliyekagua. Kusahihisha tahajia hatutangazi, wala kunakili sauti endapo nukuu zimesikilizwa kwa sikio, hayo yabaki kati yako na dawati. Tafsiri, ufupisho, uchambuzi wa takwimu na rasimu ya aya yoyote, tunatangaza. Picha ya tukio haitengenezwi na mashine, hata ya kielelezo. Hapo hakuna lebo itakayotusaidia.

Mahali pa kuiweka: juu, chini ya jina la mwandishi. Wasomaji wetu wengi hawaoni gazeti. Wanaona picha ya ukurasa kwenye WhatsApp, imekatwa, imebaki kichwa cha habari na aya mbili. Wengine wanasikia redioni asubuhi mtangazaji akipitia magazeti, na yeye hafiki mwisho wa habari, anasoma kichwa na aya ya kwanza huku anapiga utani na mwenzake. Lebo ya chini haitawafikia hawa hata siku moja. Ndiyo maana rasimu ikiwa imetoka kwenye mashine kwa sehemu kubwa, tunataka sentensi hiyo iingie ndani ya habari, kabla ya aya ya tatu.

Mwenzangu wa dawati la biashara alipinga, na hoja yake ina uzito. Alisema tukiweka lebo tutaadhibiwa kwa ukweli wetu, na wasioweka wataonekana safi. Ni kweli hali iko hivyo. Watafiti Benjamin Toff na Felix Simon waliwapima wasomaji wa Marekani, wakaona habari iliyowekewa lebo ya mashine inaaminiwa kidogo, hata pale ambapo msomaji hakuiona kuwa na makosa. Lakini waliona na jambo la pili: vyanzo vilivyotumika vikiorodheshwa, ile hasara inapungua sana. Kwa hiyo jibu langu kwake ni kwamba tusifiche lebo, tuongeze vyanzo. Msomaji akiona "rekodi ya mwenyekiti wa soko, barua mbili kwa halmashauri" ana cha kushika.

Wako pia watakaowaambia kwamba hata Ulaya hawalazimishi. Nusu kweli. Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024, kifungu cha 50, inataka maandishi ya mashine yanayolenga kuuhabarisha umma yatangazwe, isipokuwa pale yanapokuwa yamepitiwa na binadamu na kuna mtu anayebeba wajibu wa uhariri. Someni hicho kilichosamehewa. Msamaha wote umesimama juu ya mhariri mmoja aliyesoma kweli. Sisi tumeamua kutangaza hata hivyo, lakini mzigo wa mhariri ni ule ule.

Basi nije kwa mhariri, na hapa wahariri wa zamu msiangalie simu.

Anayepitisha ndiye mwenye habari. Akishaipitisha, hawezi kesho kusema "kijana alinidanganya" wala "programu ilikosea". Sahihisho likitoka, maelezo kwa mhariri mtendaji ataandika yeye aliyepitisha, si mwandishi wa mazoezi aliye mkoani. Na kwa kuwa tumempa mzigo, tumempa na nguvu: anaweza kuikataa habari saa kumi na moja na dakika hamsini, ukurasa ukabaki na tangazo la ndani, na hakuna atakayemwuliza. Tangazo la ndani halijawahi kumfikisha mtu mahakamani.

Wajibu huo unahusu na vinavyotoka nje. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilitoa toleo maalumu la msimu wa joto lenye orodha ya vitabu 15 vya kusoma. Vitabu 10 havikuwepo duniani. Waandishi walikuwa wa kweli, Isabel Allende akiwemo, vitabu ndivyo vya kubuni. Kurasa zile hazikuandikwa na chumba cha habari cha gazeti lile. Zilinunuliwa kutoka King Features, na aliyeziandaa alikuwa mwandishi wa kujitegemea aliyetumia mashine bila kukagua. Kila mtu katika mnyororo alidhani aliyetangulia amesoma. Sisi kurasa za kununua tunazo chache, lakini tunazo taarifa kwa vyombo vya habari, na siku hizi nyingi zimeandikwa na mashine, nukuu ya mkurugenzi ikiwemo. Ukipokea "tumejipanga kuleta mageuzi chanya kwa ustawi wa wananchi", piga simu umwulize mkurugenzi kama amesema. Mmoja nilimpigia. Alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Nimesema hivyo?"

Sahihisho la ile habari ya soko tulilitoa ukurasa ule ule, siku ya nne. Tuliandika saa sahihi, tukaandika kwamba mlinzi wa zamu ya kwanza alikuwa amekabidhi soko salama saa sita usiku, tukaandika kwamba nukuu ya mama muuza mchele haikuwa yake, na kwamba rasimu ilipitia kwenye programu ya tafsiri bila kulinganishwa na rekodi. Kwenye mtandao hatukuifuta habari ya zamani, tuliisahihisha na kuacha maelezo juu yake. Nilimpelekea mzee nakala tatu. Alitaka tatu, moja ya mwenyekiti wa mtaa, moja ya kubandika sokoni.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza, na sitaki mlisikie kwenye korido. Wengi wenu mnalipwa kwa habari. Nikiwaambia kila rasimu iliyopitia mashine ina dakika 25 za kalamu nyekundu, nawaambia mpunguze kipato. Nimeomba habari iliyokuja na karatasi ya uhakiki ilipwe zaidi ya isiyokuwa nayo. Jibu sijapewa. Mpaka litakapokuja, nimekubaliana na wahariri wa zamu kwamba mwandishi anayetuma habari tatu kwa siku atume mbili zenye karatasi, na tutamlipa tatu kutoka fungu la dharura la dawati langu, ambalo linatosha kama miezi miwili. Fomu ziko kwenye bahasha za kaki pale mlangoni, zinaanza kutumika Jumatatu. Maswali nitayapokea sasa, ila tukimaliza la kwanza nadhani chai itakuwa imefika.